Tazameni Tarehe: Uhakiki wa Ubora Katika Ofisi Ndogo ya Ukaguzi

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi wenzangu. Nimeombwa niongee juu ya usimamizi wa ubora ndani ya ofisi zetu za ukaguzi wa hesabu, na naona baadhi yenu mmekuja na yale makabrasha mazito ya sera. Naomba muyaweke chini ya kiti kwanza. Nataka tuanze na barua moja ya benki.

Barua hiyo niliikuta katika faili ya kampuni ya malori ambayo yadi yake iko upande wa Miritini. Kampuni siitaji, ofisi iliyoikagua siitaji pia, na tarakimu nimezibadilisha zisimtambulishe mtu. Mimi sikuwa mkaguzi wa kampuni hiyo. Niliitwa kutoka nje, na ofisi yenye washirika wawili, niwe mhakiki wa ubora wa kazi hiyo kabla ripoti haijatoka.

Kampuni ilikuwa na mkopo wa benki wa shilingi milioni 180. Milioni 36 zilikuwa zinalipwa ndani ya mwaka unaofuata, na milioni 144 zilizobaki zilipangwa kulipwa baadaye. Katika mizania, wameziweka hivyo hivyo: 36 kwenye madeni ya muda mfupi, 144 kwenye madeni ya muda mrefu. Mali za muda mfupi zilikuwa milioni 88, madeni ya muda mfupi kwa jumla milioni 52. Ukiitazama mizania hiyo unaona kampuni inayopumua vizuri, ina milioni 36 za ziada.

Barua ya benki ilikuwa imewekwa nyuma ya hati ya kazi ya mikopo, na junia aliyefanya kazi hiyo alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu ya kijani: «Benki imethibitisha haitadai mkopo mapema. Hakuna tatizo.» Nikaisoma. Benki ilisema kwamba imeona uwiano wa fedha za uendeshaji kwa malipo ya mkopo ulikuwa 1.0 tarehe 31 Desemba, wakati mkataba unataka usipungue 1.2, na kwamba kwa kipimo cha tarehe hiyo benki haitatumia haki yake ya kudai mkopo wote. Barua iliandikwa tarehe 14 Februari.

Junia aliisoma kama habari njema. Sinia aliisoma hivyo hivyo, na mshirika aliyeongoza ukaguzi naye akapiga tiki. Hakuna hata mmoja aliyeweka tarehe mbili zile kando kwa kando. Mwaka wa hesabu uliisha tarehe 31 Desemba, na siku hiyo kampuni ilikuwa imeshavunja sharti, tena haikuwa na ruhusa yoyote mkononi. Viwango vya taarifa za fedha viko wazi hapa: kama sharti limevunjwa mwisho wa mwaka au kabla yake, na benki ikapata haki ya kudai deni papo hapo, deni lote linakwenda kwenye muda mfupi, hata kama benki imesamehe baadaye kabla hesabu hazijaidhinishwa. Ili milioni 144 zibaki pale zilipokuwa, msamaha ulitakiwa uwe umepatikana kufikia Desemba 31, na uipe kampuni nafasi ya angalau miezi 12 mbele. Msamaha wa Februari unaandikwa kwenye maelezo ya hesabu, lakini hauwezi kurudi nyuma kubadilisha Desemba.

Hamisheni basi zile 144. Madeni ya muda mfupi yanatoka milioni 52 yanakuwa milioni 196, dhidi ya mali za milioni 88. Kampuni iliyokuwa na ziada ya 36 sasa ina pengo la 108. Ni kampuni ile ile, na malori yale yale, lakini msomaji wa hesabu anaona picha nyingine kabisa.

Nimeanza na barua hii kwa sababu inaonyesha kazi ya mhakiki ilivyo. Sikuhesabu risiti hata moja, wala sikwenda yadi kukagua malori. Nilikaa saa mbili na maamuzi mazito matatu ambayo timu ilikuwa imeyafanya, na katika hilo la mkopo nikauliza swali moja: barua hii ni ya tarehe ngapi, na mwaka umeisha lini?

Sasa tuje kwenye viwango vya kimataifa vya ubora na ukaguzi vyenyewe. ISQM 1 inahusu mfumo wa ubora wa ofisi nzima. Ofisi zote zilitakiwa ziwe zimeuunda na kuuweka kazini kufikia tarehe 15 Desemba 2022, na mfumo huo unapimwa angalau mara moja kila mwaka. ISQM 2 inamhusu mhakiki wa ubora: nani anafaa, anafanya nini, anaandika nini. ISA 220 iliyorekebishwa inamhusu mshirika anayeongoza ukaguzi wenyewe. Vitatu hivyo vinafanya kazi pamoja, na leo nitakaa zaidi kwenye ISQM 2 kwa sababu ndipo ofisi zetu ndogo zinapokosea bila kujua.

Sisi tuliokulia hapa tunajua meli kubwa haiingii Kilindini hivi hivi. Rubani wa bandari anapanda meli ikiwa bado nje, anakwenda kwenye daraja la nahodha, anaongoza njia kati ya maboya. Anajua mahali ambapo maji ni haba. Lakini nahodha hakabidhi meli yake kwa rubani: meli ikigusa mwamba, nahodha bado ana majibu ya kutoa. Mhakiki wa ubora ni rubani huyo. Anapanda kabla ya ripoti kutoka, na mshirika aliyeongoza ukaguzi anabaki na dhamana yake yote. Akija mtu kukagua faili baada ya ripoti kutoka, huyo anafanya kazi nyingine, anachunguza meli iliyokwisha kutia nanga. Kazi zote mbili zinatakiwa, na mtu aliyekuwa mhakiki wa faili hiyo haruhusiwi kuwa ndiye anayeichunguza baadaye.

Mtaniambia, sisi hatukagui kampuni zilizo kwenye soko la hisa, uhakiki huu unatuhusu vipi? Kweli, kampuni zilizoorodheshwa ni lazima, na zile ambazo sheria imetaka ni lazima. Lakini kuna mlango wa tatu ambao wengi wanaupita wakitazama upande mwingine: kazi yoyote ambayo ofisi yenyewe, baada ya kupima hatari zake, imeona uhakiki ndiyo dawa inayofaa. Kwa hiyo huwezi kuandika kwenye sera «hatuna kampuni za soko la hisa, kwa hiyo hatuhitaji mhakiki» ukafunga faili. Lazima uwe umezipitia kazi zako na kujiuliza.

Ofisi ile ya malori ina kazi za ukaguzi kama sitini kwa mwaka. Tuliketi nao mwezi wa Oktoba, kabla msimu haujaanza, tukazipitia orodha nzima kwa asubuhi moja. Tulitoka na tano. Sacco moja inayopokea akiba, kwa sababu watu wengi wanaitegemea. Kampuni ya malori, kwa sababu ya mkopo na biashara iliyoyumba. Mteja mmoja ambaye ada yake peke yake ilikuwa karibu robo ya mapato ya ofisi, na hapo uhuru wa mkaguzi unaanza kubanwa hata kama hakuna aliyesema neno. Mteja mpya wa biashara ambayo ofisi haijawahi kuikagua. Na mmoja ambaye mwaka uliotangulia alipewa ripoti ya mkaguzi asiyeridhika kikamilifu na hesabu zake. Kazi zile nyingine hamsini na tano zinasimamiwa kwa njia nyingine. Ukiandika kwamba zote zitahakikiwa, hutaweza, na sera usiyoifuata ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana umejiandikia ushahidi wa kosa lako mwenyewe.

Sasa, nani awe mhakiki? Kinyozi hajinyoi, hilo tunalijua. Mhakiki asiwe ndani ya timu ya ukaguzi huo. Awe na ujuzi, muda, na mamlaka ya kumwambia mshirika «hapana». Kama aliwahi kuwa mshirika aliyeongoza ukaguzi wa mteja huyo, lazima ikae angalau miaka miwili kabla hajarudi kama mhakiki. Katika ofisi ya washirika wawili wanaopokezana wateja, sharti hilo la miaka miwili ndilo linaloangusha mpango wote. Mwaka huu Ali anaongoza na Maria anahakiki, mwaka ujao wanabadilishana: haiwezekani kwa mteja yule yule.

Ndiyo sababu wengi wetu tunatafuta mtu wa nje, na kiwango kinaruhusu. Lakini hapa Mombasa mji ni mdogo, tunajuana. Jambo ninaloliona mara nyingi ni makubaliano ya wawili: wewe nihakikie, mimi nikuhakikie. Kanuni za maadili za kimataifa zinalitaja jambo hilo waziwazi kama tishio kwa uhakiki wa haki, pale washirika wawili wanapohakikiana kazi. Na sababu yake mnaijua bila kuambiwa. Nikikukazia leo kwenye Sacco yako, kesho utanikazia kwenye hoteli yangu. Tutaanza kuhurumiana. Ushauri wangu ni kwamba muwe watatu au wanne, mzunguke: wa kwanza amhakiki wa pili, wa pili amhakiki wa tatu, wa tatu amhakiki wa kwanza. Haiondoi tishio lote, lakini inavunja ile nipe nikupe.

Mtu wa nje ana mambo yake pia ya kushughulikia mapema. Anatia sahihi ya kutunza siri. Barua ya makubaliano na mteja inasema kwamba faili inaweza kusomwa na mhakiki kutoka nje ya ofisi. Na unamuuliza wateja wake ni akina nani. Mimi mwenyewe nimewahi kukataa faili ya wakala wa kutoa mizigo bandarini kwa sababu nilikuwa nakagua mshindani wake wa jengo la pili. Malipo yake yawe kwa saa, yalipwe hata akisema ripoti isitoke. Hilo la mwisho liandikeni.

Nije kwenye wakati, kwa sababu hapa ndipo uhakiki mwingi unakufa.

Mara ya kwanza nilipoombwa kuwa mhakiki, miaka iliyopita, nilipigiwa simu saa kumi jioni. «CPA, pita ofisini mara moja utie sahihi, mteja anakuja kesho asubuhi.» Nikapita. Ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa, ina tarehe ya siku tatu nyuma, jina la mshirika na namba yake ya leseni ziko chini. Nilipewa fomu ya maswali arobaini na kalamu. Nilitia tiki arobaini, nikatia sahihi, nikaenda nyumbani. Sikufungua faili. Nalisema jambo hili mbele yenu kwa sababu bado linanisumbua, na kwa sababu najua sikuwa peke yangu. Hakuna aliyeumia mwaka ule, lakini mteja alikuwa na karatasi inayosema nimefanya kazi ambayo sikuifanya.

Kiwango kinasema mshirika haruhusiwi kuweka tarehe kwenye ripoti mpaka mhakiki amjulishe kwamba amemaliza. Hilo halihusu tarehe ya kumkabidhi mteja, linahusu tarehe ya ripoti yenyewe. Yeyote atakayekuja kukagua ofisi yako, kwa mfano wale wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, anaweza kuchukua karatasi mbili tu, ripoti na cheti cha mhakiki, akalinganisha tarehe. Cheti kikiwa cha tarehe 28 na ripoti ya tarehe 25, mazungumzo yameisha. Na zikiwa siku moja kwa faili zote tano, ataanza kuuliza mhakiki alilala saa ngapi.

Kwa hiyo mhakiki anaingia mara tatu. Mara ya kwanza ni wakati wa kupanga ukaguzi, anasoma hatari kubwa zilizoainishwa na jinsi timu ilivyojiridhisha kuhusu uhuru wake. Kwa kazi ya ukubwa wa ile kampuni ya malori mimi hutumia saa mbili au tatu hapo. Mara ya pili ni pale maamuzi mazito yanapofikiwa, faili ikiwa bado imefunguka na timu ikiwa bado inaweza kurudi kwa mteja. Mara ya tatu ni mwisho, anasoma hesabu zote na ripoti yenyewe. Katikati anazungumza na mshirika, anatazama kama mambo magumu yalipelekwa kwa mtu wa kushauriwa, na anapima kitu ambacho wengi hukisahau: je, mshirika mwenyewe alishiriki vya kutosha katika kazi hii? Kwenye faili ya malori nilifungua karatasi ya saa. Mshirika alikuwa na saa mbili kwa ukaguzi mzima, zote mbili za siku ya mwisho. Nikajua barua ile ilivyopita.

Kuna mpaka mmoja ambao mhakiki asiuvuke. Timu ikikuuliza «tufanyeje?», na wewe ukawapa jibu, wakaliandika, basi umekuwa mmoja wao, na sasa unahakiki uamuzi wako mwenyewe. Ndiyo maana niliuliza swali la tarehe, sikusema «hamisheni milioni 144». Kwenye karatasi yangu liliingia hivi:

«Swali la 4. Hati ya mikopo, barua ya benki ya 14 Februari. Timu ieleze msingi wa kuliacha deni kwenye muda mrefu tarehe 31 Desemba. Limeulizwa 9 Aprili. Jibu la timu limepokelewa 11 Aprili: deni limehamishwa. Nimesoma hesabu zilizorekebishwa 15 Aprili. Limefungwa.»

Mhakiki anaacha mistari kama hiyo, pamoja na jina lake, orodha ya hati alizosoma, na tarehe aliyomaliza. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Fomu ya tiki arobaini haionyeshi kwamba kuna aliyefikiri.

Mkurugenzi wa kampuni hakufurahi. Alimpigia mshirika simu nikiwa pale, na kwa haki yake alisema kwa adabu: «Ndugu yangu, benki yenyewe imekubali. Mwenye pesa ameridhika, wewe mkaguzi unaumia wapi?» Mshirika akamjibu, «Mzee, benki imekubali Februari. Hesabu unazotaka nisaini ni za Desemba.» Kimya kidogo, kisha mzee akauliza zitasomeka vipi kwa wenye kukodisha malori. Hilo lilikuwa swali la kweli, kwa sababu kuhamisha deni hakukuwa mwisho wa safari.

Ile barua ilisamehe kipimo cha Desemba peke yake. Kipimo kinachofuata kilikuwa tarehe 30 Juni. Timu ikalazimika kurudi kwenye swali la kama kampuni inaweza kuendelea na biashara kwa angalau miezi 12, swali ambalo mwanzoni walikuwa wamelijibu kwa sentensi moja. Wakaomba makadirio ya fedha. Makadirio yalionyesha uwiano wa 1.3 mwezi Juni, lakini sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na mkataba wa kusafirisha mizigo ambao haukuwa umetiwa sahihi. Ukiuondoa, uwiano unashuka hadi 0.9 na benki inapata tena haki ya kudai kila kitu. Hapo ripoti ikabadilika. Maoni yenyewe juu ya hesabu yalibaki safi, kwa sababu kampuni ilikubali kueleza hali hiyo kikamilifu kwenye maelezo ya hesabu, lakini ripoti iliongezewa sehemu ya pekee inayomwambia msomaji kuna mashaka makubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea. Ripoti ilitoka tarehe 22 Aprili, karibu wiki mbili baada ya tarehe iliyopangwa. KRA wanangoja ritani hadi mwisho wa Juni, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa kwa kuchelewa.

Wengi hufunga kitabu hapo. Mhakiki kaona kosa, kosa limerekebishwa, alhamdulillahi. Lakini ISQM 1 haiishii kwenye faili moja. Inataka ofisi ijiulize kosa lilipitaje, na jibu la kwanza linalokuja kwa kila ofisi ni «junia alizembea». Mimi silikubali jibu hilo karibu kila mara ninapolisikia, kwa sababu juu ya junia kulikuwa na watu wawili.

Tulikaa na ile ofisi jioni moja tukafuata mzizi. Hati yao ya mikopo ilikuwa na kisanduku kilichouliza «Je, kuna barua ya benki?» na nafasi ya ndiyo au hapana. Haikuwa na nafasi ya tarehe ya barua, wala ya sharti lenyewe. Mkataba wa mkopo haukuwa kwenye faili ya kudumu, ulikuwa kwa mteja, kwa hiyo wakati wa kupanga hakuna aliyejua kwamba kuna uwiano wa 1.2. Kazi ya mikopo ilipewa junia kila mwaka kwa sababu ilionekana rahisi: barua ya benki inakuja, unalinganisha salio, unamaliza. Na mshirika, kama nilivyosema, alikuwa na wateja wengi mno wanaoishia Desemba hata akafika siku ya mwisho.

Majibu yakafuata sababu moja moja. Hati ya mikopo iliandikwa upya, sasa inataka muhtasari wa masharti, kipimo cha kila sharti mwisho wa mwaka, na tarehe ya msamaha wowote. Mkataba wa mkopo unaingia faili ya kudumu kabla kazi ya uwanjani haijaanza. Wateja wenye masharti ya benki, mikopo yao inafanywa na sinia. Mshirika anaweka saa zake wakati wa kupanga, zinaonekana kwenye karatasi ya saa. Na wakafungua faili nyingine za wateja wenye mikopo ya benki ambazo hazikuwa kwenye orodha ya uhakiki. Zilikuwa tano. Moja ilikuwa na kosa lile lile, na ripoti yake ilikuwa imeshatoka. Hiyo iliwagharimu mazungumzo magumu na mteja kuhusu kurekebisha hesabu zilizokwisha kusambazwa, na nadhani ndiyo siku walipoelewa kwa nini tunafuata mzizi.

Nirudi sasa kwenye makabrasha yenu chini ya viti. Nimeona mengi. Lenye hatari mia na ishirini zilizonakiliwa, nyingine zinahusu matawi ya nchi za nje ambayo ofisi haina. Lingine lilikuwa bado na jina la ofisi iliyouza nakala hiyo kwenye ukurasa wa kumi na nne. Kiwango kinataka uweke malengo ya ubora, utambue hatari zako wewe, kisha uandike jibu kwa kila hatari. Kwa ofisi ya watu sita, safu ishirini za kweli zinatosha kuanzia. Ile ofisi ya malori ina safu inayosema: «Hatari: kazi nyingi zinaisha Aprili hadi Juni, mshirika hafiki mapema. Jibu: wateja tisa wasio na haraka wamehamishiwa Julai, saa za mshirika zinatazamwa kila Ijumaa.» Ukiisoma unajua ofisi hiyo ni ya nani. Kwenye kabrasha la kununua huwezi kuipata safu hiyo.

Kabla ya kupokea maswali, kuna moja nililoletewa kwenye karatasi na mwenzetu anayefanya kazi peke yake, hana mshirika. Anauliza: mhakiki wangu wa nje na mimi tusipokubaliana, nani anaamua?

Kiwango kinasema mhakiki akiwa na wasiwasi juu ya uamuzi mzito, anamwambia mshirika. Wasiwasi usipotatuliwa, anamjulisha mtu mwenye dhamana ndani ya ofisi kwamba hawezi kumaliza uhakiki. Kwako wewe mwenye ofisi, mtu huyo ni wewe tena, na hapo ndipo unapouliza. Ripoti haipati tarehe, hilo ndilo la kwanza. La pili, sera yako itaje mtu wa tatu, mkaguzi mwenye uzoefu wa jambo linalobishaniwa, ambaye nyote wawili mtampelekea hati na kila mmoja ataeleza upande wake kwa maandishi. Maoni yake yanaingia faili, pamoja na jinsi ulivyoyafanyia kazi. Bado sahihi ni yako. Lakini jina la mtu huyo uliandike mwezi wa Oktoba, mhakiki akubali kwa maandishi, na yeye mwenyewe akubali kuitwa. Mkingoja mpaka Aprili, mteja akiwa kwenye simu, mtabishana kwanza juu ya nani wa kumuuliza.

Nimebeba nakala za ile karatasi yangu ya mhakiki, ziko mezani karibu na chai. Sasa nayapokea maswali. Naanza na dada pale nyuma, aliyeinua mkono tangu nilipotaja Sacco.